UZI: Futari ya pamoja ya watu 120 kazini. Foleni ya futari inaweza kutulia kweli?

#1 Mratibu_Asiyelala
Salaam wakuu. Nimekabidhiwa kuratibu futari ya wafanyakazi. Idadi ni watu 120, kati yao kama 85 wamefunga na waliobaki ni wenzetu wasiofunga ila wamealikwa. Tuna ua wa mita 12 kwa 18, meza ndefu moja, majamvi ya kutosha na viti vichache. Mlo ni tende, supu, wali, nyama, mboga, matunda na juisi. Magharibi siku hiyo inaingia saa 12:41 jioni.

Mpango wa kamati ni kwamba adhana ikiingia, watu wajipange, wachukue kila kitu pale mezani, kisha wakae. Mimi naona patakuwa na vurugu tu. Msimamo wangu ni huu: foleni ya futari haitulii hata uipange vipi, kwa sababu mtu ana njaa. Anayebisha aje na mpango, si maneno matupu.

#2 Kobe_Mpole
Natandika mkeka hapa nisome. Nikialikwa nitakuja na sahani yangu.

#3 Mama_Masufuria
Mratibu, nimepika shughuli za watu wengi kuliko hao, na Ramadhani ndiyo msimu wangu. Tatizo lako haliko kwenye njaa. Mmechanganya mambo mawili, kufungua na kula. Kufungua ni tende na maji. Hayo hayahitaji foleni hata kidogo, yanatakiwa yawe mbele ya mtu kabla ya adhana.

Ukimfanya mtu asimame mstarini na hali adhana imeshamalizika na hajatia hata tone mdomoni, unategemea avumilie nini? Amejizuia kutwa nzima kwa hiari yake, sasa amesharuhusiwa halafu anazuiwa na meza yako. Hapo hata mpole anaanza kusukuma.

Panga hivi. Kila nafasi ya kukaa iwe na kisahani cha tende tatu na maji nusu lita, vimeshawekwa dakika ishirini kabla. Adhana ikiingia, watu wote 120 wanafungua kwa pamoja wakiwa wamekaa. Chakula kizito kisubiri wasali kwanza. Mtu aliyetuliza kiu akaswali akarudi, huyo ndiye unayemtaka kwenye foleni.

#4 Fundi_Hesabu
Naunga mkono #3, ila hata ukifanya hivyo, kwa meza moja bado utalia. Chukua saa yako umpime mtu anayepakua. Kuweka wali kwenye sahani, kutafuta kipande cha nyama na kumwaga mchuzi ni kama sekunde 12 kwa mtu mmoja kama mpakuaji ana mkono mwepesi. 120 mara 12 ni sekunde 1,440, yaani dakika 24. Na hapo hakuna aliyesimama kuuliza "hiki nini?" wala aliyeomba apunguziwe wali aongezewe nyama.

Watu wakijipakulia wenyewe ni zaidi ya hapo, kwa sababu kila mmoja anachagua.

#5 Chuma_cha_Pua
Sasa si waongeze wapakuaji tu? Weka sita kwenye hiyo meza, dakika 24 gawa kwa sita, dakika nne mmemaliza. Mnakuza mambo madogo.

#6 Fundi_Hesabu
Chuma, hesabu yako ingekuwa sawa kama hao sita wangekuwa na foleni sita. Wakisimama mstari mmoja, wa wali, wa nyama, wa mchuzi, wa mboga, foleni inakwenda kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote. Ukiongeza mtu wa saba wa kugawa vijiko hujapunguza hata sekunde moja kwa wa nyama anayechokoa sufuria.

Kwa hiyo umepata nusu. Kuwagawia kazi kunasaidia mpaka pale kila kituo kinapokuwa na mwendo sawa. Zaidi ya hapo, kinachopunguza muda ni kufungua mstari wa pili. Ivute meza iende katikati, sufuria pande zote mbili, foleni mbili zinazotembea sambamba. Dakika 24 zinakuwa 12.

#7 Mama_Masufuria
Na kwa faida ya wa nyama: vipande vikatwe sawa tangu jikoni. Vipande vikitofautiana, mpakuaji anachagua na anayepakuliwa naye anachagua kwa macho. Wawili hao wakishaanza kutazamana, mstari umesimama. Nimeona mtu mzima, mwenye wajukuu, akinyoosha kidole kwenye sufuria "hicho, hapana, kile cha chini yake".

#8 Pwaguzi
Mimi nikifungua na maji ya baridi sana tumbo linajaa gesi mpaka usiku wa manane. Kuna dawa?

#9 Kobe_Mpole
Pwaguzi, hapa tunapanga foleni wewe unaleta gesi. Ukija kwenye hiyo futari tutakuweka mwisho wa mstari, upande unakotoka upepo hapana.

#10 Mzee_wa_Jamvi
Nyote mnahangaika na foleni kana kwamba ni lazima iwepo. Sinia! Watu watano kwa sinia moja, masinia 24, yamepakuliwa jikoni na kufunikwa. Watu wakitoka kuswali wanakuta chakula kimeshatua mbele yao. Hakuna anayesimama, hakuna anayesukuma, na aliyekaa na asiyemjua anaondoka wamejuana. Kwetu mtaani tunafanya hivyo na uwanja ni mdogo kuliko huo wa Mratibu.

#11 Bint_Shamba
Shikamoo mzee wa jamvi. Sinia ni zuri kwa mtaa, lakini kazini lina mitihani yake. Kwanza, mwenye kasi ndiye anayekula. Weka mmoja anayekula kwa utaratibu na wanne wenye mikono ya haraka, utaona nani analala njaa. Pili, wenye kisukari na wenye masharti ya daktari hawawezi kujua wamekula kiasi gani. Tatu, sinia la watano likiwa na wanne, wa tano amechelewa, wale wanne wanakaa wanamsubiri au wanakula sehemu yake?

#12 Mzee_wa_Jamvi
Marahaba binti. La tatu nalikubali. Hayo mawili ya mwanzo ni malezi tu.

#13 Bint_Shamba
Kisukari nacho ni malezi, mzee?

#14 Chelewa_Ufike
Wakuu mniwie radhi kwa kukatisha. Huu mpango wa kuswali kwanza halafu chakula umetoka wapi? Nilivyosoma, chakula kikishaandaliwa na sala ikakimiwa, unaanza na chakula. Sasa mnawaacha watu wanaswali huku wananusa nyama.

#15 Ustadhi_wa_Kona
Chelewa, ulichosema kipo, hadithi hiyo ni sahihi. Na ipo pia kwamba Mtume (SAW) alikuwa akifungua kwa tende mbichi kabla ya kuswali, akikosa kwa tende kavu, akikosa kwa maji. Na kuharakisha kufuturu kumehimizwa. Kwa hiyo kufungua papo hapo hakuna mjadala. Mjadala ni mlo mkubwa uje kabla au baada ya sala, na hapo watu wana nafasi.

Ninalowatahadharisha waandaaji ni wakati. Magharibi si sala ya kuburuzwa. Kwa sehemu nyingi kati yake na Isha ni kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Ukianza na mlo wa foleni ya dakika 24, mtu wa mwisho akapata sahani, akala, akanawa, utamkuta wakati umembana. Mkitaka kula kwanza, basi chakula kiwe mbele ya watu tayari, kama sinia la mzee. Mkiwa na foleni, swalini kwanza.

#16 Chelewa_Ufike
Bado sijaridhika. Mtu anayenusa nyama hana khushui. Lakini nimeelewa hoja ya foleni.

#17 Nyota_ya_Jioni
Kuhusu wakati, hiyo 12:41 mmeitoa kwenye ratiba ya wapi? Watu wengi wanachukua ya mji mkuu tu, nchi nzima ni ileile.

#18 Ustadhi_wa_Kona
Si ileile, Nyota. Jua halitui kwa watu wote mara moja. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne. Kwenye ikweta nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo ukiwa kilomita mia mbili na ushee magharibi ya huo mji, unafungua kama dakika nane kabla ya jua lako kutua. Chukueni ratiba ya mahali mlipo.

Na kwenye futari ya wengi, mtangazaji awe mmoja. Simu za watu zina programu tofauti, moja inaadhini 12:40, nyingine 12:43. Ya kwanza ikilia, nusu ya ua inafungua, nusu inawakodolea macho. Waambieni mapema watu wazime adhana za simu, wamsikilize muadhini mmoja.

#19 Mratibu_Asiyelala
Nashukuruni. Ratiba ni ya hapahapa tulipo. Naanza kulegea kwenye msimamo wangu, ila bado. Nipeni vipimo vya chakula, maana kamati imeandika kilo 25 za mchele.

#20 Mama_Masufuria
Kilo 25? Mnafuturisha au mnafungua ghala? Kilo moja ya mchele mkavu inalisha watu wanane hadi kumi wakiwa na nyama na mboga pembeni. Kwa 120, kilo 14 zinatosha. Mchele ukiiva unakuwa karibu mara tatu ya uzito wake, kwa hiyo una kama kilo 38 za wali. Gawa kwa 120, kila mtu ana zaidi kidogo ya gramu 300. Hiyo ni sahani iliyoshiba. Na kumbuka ameshakula tende na ameshakunywa supu.

Nyama isiyo na mfupa hesabu gramu 150 mbichi kwa mtu, kilo 18. Ikiiva inapungua robo au hata theluthi, atabaki na gramu mia na kitu, vipande vitatu vya wastani. Ikiwa ya mfupa nenda kilo 30. Supu robo lita kwa kila mtu, lita 30. Tende tatutatu ni 360. Zikiwa ndogo, kilo moja inatoa mia na zaidi, chukua kilo nne. Zikiwa zile kubwa za nyama nyingi ni arobaini na kitu kwa kilo, hapo utahitaji kilo nane au tisa. Usinunue kwa kilo bila kuzihesabu.

Kisha kitu ambacho watu hawakifanyi: kipimo cha kupakulia. Tafuta bakuli au upawa unaobeba hizo gramu 300, wapakuaji wa pande zote mbili watumie wa ukubwa uleule. Pima sahani ya kwanza kwenye mizani, waonyeshe. Bila hivyo wa mbele wanapata mlima, wa nyuma wanapata masalio, halafu mnasema chakula hakikutosha na hali kilitosha.

#21 Mkato_wa_Njia
Mama kagusa penyewe na ndiyo maana nampinga Mratibu toka mwanzo. Watu hawakimbii kwa njaa, wanakimbia kwa hofu. Kila mmoja ana kumbukumbu ya kufika kwenye sufuria akaambiwa "nyama imeisha, chukua mchuzi". Huyo hata akiwa amekula saa moja iliyopita atakimbia tu. Tulikuwa na shughuli kazini kwetu, sufuria la pili la nyama liliwekwa wazi, kila mtu kwenye mstari analiona. Watu wakapiga soga, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Shughuli nyingine, chakula kilekile, la pili likafichwa jikoni "watu wasijue". Mstari ukawa shingo tupu, kila mtu anachungulia.

#22 Sauti_ya_Nyuma
Mkato una hoja, mimi nina yangu. Kwetu vurugu zilianza pale wakubwa walipopelekewa sahani zao kwenye meza ya pembeni, wamepakuliwa kwanza na wamezidishiwa. Waliokuwa kwenye mstari wametulia vizuri wakaona. Baada ya hapo nani atamheshimu anayesema "jipangeni"? Njaa ilikuwepo na sufuria zilikuwa zinaonekana. Kilichotuvuruga ni upendeleo.

#23 Chuma_cha_Pua
Mimi nasema ni watoto. Mkiruhusu watoto, foleni imekufa.

#24 Mama_Masufuria
Watoto, wazee, wajawazito na wenye shida ya miguu wapelekewe sahani walipo, na lisemwe wazi kabla ya adhana. Likisemwa mapema halionekani upendeleo. Wakubwa wa kazi hawamo kwenye orodha hiyo, isipokuwa magoti yao yanauma kweli.

#25 Kilometa_Nne
Hakuna aliyegusa udhu. Mmewakalisha watu, wamefungua kwa tende, halafu mnasema "twendeni tukaswali". Watu 85 wananyanyuka pamoja kwenda bombani. Mratibu una mabomba mangapi?

#26 Mratibu_Asiyelala
Manne, yote upande mmoja.

#27 Kilometa_Nne
Haya. Tuseme nusu yao hawana udhu, watu 42. Mtu mmoja dakika moja hadi moja na nusu akiwa na soksi za kuvua. Kwenye mabomba manne hiyo ni dakika kumi hadi kumi na tano. Foleni mliyoiondoa kwenye chakula imehamia bombani, na huko kuna maji chini na watu wameshika viatu mkononi. Tangazeni udhu kuanzia saa 12 kamili. Saa 12:30 mwenye udhu akae, asiye nao akimbie sasa hivi. Wengine watautengua, ni kawaida, lakini watakuwa wachache.

#28 Fundi_Hesabu
Kilometa, hiyo ndiyo posti ya uzi huu. Mimi sikuifikiria.

#29 Bandika_Bandua
Kwa nini msiweke kila kitu kwenye boksi? Kila mtu boksi lake, limefungwa, mnagawa mlangoni. Saa 10 jioni kazi yenu imekwisha, mnasubiri adhana tu.

#30 Mama_Masufuria
Boksi nimefanya sana na sizikatai, ila si kwa saa hizo. Wali wa moto ukiufungia kwenye boksi saa 10 na ukaliwa saa 1, umekaa saa tatu ukiwa vuguvugu. Vuguvugu ndipo vijidudu vinapozaliana. Na wali una vijidudu vyake ambavyo mbegu zao hazifi kwa kuchemka, zikipata joto la wastani zinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto tena haiondoki. Mtu anatapika usiku anasema ni tende.

Chakula cha moto kikae nyuzi 60 za selsiasi au zaidi mpaka kinapakuliwa. Kipimajoto kizamishe katikati ya sufuria, si ukingoni, maana ukingoni kuna moto wa jiko. Kama huna, funua mfuniko: mvuke usipopanda kwa nguvu usoni, kimeshashuka, rudisha motoni. Kwa hiyo boksi zinajazwa saa 12 kuelekea 12:30, siyo saa 10, na hapo unahitaji mikono mingi jikoni wakati ambao kila mtu amechoka.

#31 Bandika_Bandua
Sawa kwa joto. Lakini boksi bado linashinda foleni.

#32 Bint_Shamba
Boksi pia linaondoka. Mtaani kwetu waligawa mlangoni, watu wakachukua mbilimbili "ya mgonjwa nyumbani", wakaenda zao. Wenye futari wakabaki watu wachache wanatazamana na majamvi. Kama lengo ni kula pamoja, boksi lifuate mtu alipokaa, lisigawiwe mlangoni.

#33 Mratibu_Asiyelala
Nimekaa na kamati, nimewasomea uzi huu (gesi ya Pwaguzi niliiruka). Tumefika hapa, ipasueni.

Kukaa ni mistari minne ya majamvi, kila mstari watu 30, kumi na tano wakitazamana na kumi na tano. Nafasi ya mtu sentimita 60, kwa hiyo mstari una urefu wa mita 9. Upana wa mstari na kitambaa cha katikati ni mita 2 na kidogo, njia kati ya mgongo na mgongo ni mita 1.2. Mistari minne inakula mita 13 za ule urefu wa 18, zinabaki tano za meza mbili za chakula na watu wa kusubiri. Viti vinakaa mwisho wa kila mstari, jirani na njia.

Saa 12 udhu unatangazwa. 12:20 tende na maji vipo chini kwa kila nafasi. 12:30 watu wamekaa. 12:41 adhana, watu wanafungua, na supu inapita na majagi kwenye vikombe. 12:52 sala, tunaswalia ukumbini. Saa 1:02 foleni mbili zinafunguliwa, mstari mmoja unaitwa baada ya mwingine. Kwa mwendo wa Fundi, watu 30 kwa foleni mbili ni dakika tatu. 1:14 wa mwisho ana sahani.

Wapakuaji tumepata wazo kwamba wawe wale wenzetu wasiofunga. Hawana njaa, hawaendi kuswali, mikono haitetemeki.

#34 Sauti_ya_Nyuma
Hilo la mwisho sikubaliani. Umewaalika wageni halafu unawavisha aproni? Mgeni akijitolea sawa, lakini kumpangia hapana.

#35 Kobe_Mpole
Mimi ni asiyefunga na kila mwaka kazini huwa naomba nipewe upawa. Kukaa mbele ya tende dakika ishirini na watu wote kimya wanaangalia saa ni kazi ngumu kuliko kupakua. Waulizwe tu, wengi watakubali.

#36 Fundi_Hesabu
Marekebisho mawili. Usiite mstari wa pili baada ya wa kwanza kuisha kabisa. Wamebaki watano kwenye foleni, nyanyua unaofuata. Ukisubiri iishe wapakuaji wanakaa bure, ukiita mapema mnarudi kwenye msongamano. Na juisi iondoke kwenye meza ya chakula. Mtu ana sahani mkono mmoja, anataka kumimina kwa mwingine, anasimama. Juisi iwe kwenye mistari, majagi mawili kila mstari.

#37 Mkato_wa_Njia
Nani anaitwa wa kwanza? Msipolisema hilo, mistari ya mbele na ya nyuma itaanza kugombea nafasi kuanzia saa 12.

#38 Mzee_wa_Jamvi
Pigeni kura ya vijiti muadhini akishamaliza. Au wekeni masinia, mstari mmoja masinia sita, yote yanatua mara moja. Nasema tena.

#39 Chelewa_Ufike
Wa mwisho anapata sahani 1:14, dakika 33 baada ya adhana. Supu na tende zimemshika, nakubali, lakini kuna anayekunywa dawa na chakula. Huyo asisubiri mstari wake.

#40 Mama_Masufuria
Huyo aende kwa wale wa kupelekewa, ajiandikishe mapema bila kueleza ugonjwa wake. Mratibu, sasa waliochelewa. Kwenye watu 120 kazini watakuwepo, kuna wa zamu na wa barabarani. Pakua sahani 12, zifunike, zikae juu ya sufuria la maji ya moto zisipoe, na usizihesabu kwenye mgao. Lisifike saa 1:30 ndiyo unakwangua sufuria.

#41 Chuma_cha_Pua
Na wasipokuja, hizo 12 nani anakula?

#42 Kobe_Mpole
Mwenye upawa.

#43 Sauti_ya_Nyuma
Ndiyo maana nasema wapakuaji wasiwe wageni.

#44 Mratibu_Asiyelala
Wapakuaji waliofunga sahani zao zinawekwa kabla ya foleni kufunguliwa, nimeliandika hilo. Za waliochelewa zikisalia, zinakwenda kwa walinzi wa zamu ya usiku ifikapo saa 2, mradi bado za moto. Mzee wa Jamvi, kamati imekubali mstari mmoja kati ya minne uwe wa masinia, kwa wanaotaka. Tuone upi utamaliza kwanza.

#45 Bint_Shamba
Wa masinia utamaliza kwanza. Swali ni nani atakuwa amekula.

#46 Mzee_wa_Jamvi
Njoo ukae sinia langu, binti. Nitakupa nafasi ya upande wa nyama.